Uchungu kabla ya wiki 37: maswali tunayoulizwa na wajawazito walio mbali na hospitali

Haya ni maswali ninayokutana nayo kliniki. Wengi wanaoniuliza wanaishi vijiji vya ndani vya pwani ya kusini mwa Tanzania, ambako kufika hospitali ni safari ya saa mbili, tatu au zaidi. Nimewajibu nikiwafikiria wao. Anayekaa mtaa wa pili kutoka hospitali atafaidika na majibu haya, lakini saa za kusubiri ninazozitaja hazimhusu sana.

Hizo wiki 37 zinahesabiwa kuanzia wapi?

Kuanzia siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Hazianzi siku uliyogundua una mimba, wala siku uliyoanza kliniki. Wiki 37 ni siku 259. Ukiona damu ya mwisho kuanzia Jumatatu tarehe 6 Januari 2025, wiki 37 zinatimia Jumatatu tarehe 22 Septemba 2025, na tarehe ya makadirio ya kujifungua ni 13 Oktoba. Uchungu wowote kabla ya hiyo 22 Septemba ni uchungu wa mapema, hata kama tumbo ni kubwa na majirani wanasema mtoto "ameshaiva".

Kama huikumbuki hedhi, au ulishika mimba ukiwa unanyonyesha na hedhi haijarudi, nenda ukapige altrasaundi mapema. Kipimo cha miezi mitatu ya kwanza ndicho kinachotaja umri wa mimba kwa uhakika zaidi. Kile cha mwezi wa nane kinaweza kukosea kwa wiki mbili au tatu. Tarehe iandikwe kwenye kadi ya kliniki, maana usiku wa dharura hiyo kadi ndiyo itakayozungumza kwa niaba yako.

Uchungu wa mapema unaanzaje? Si nitaujua tu nikiuona?

Hapa ndipo wengi wanapopotea, hata waliokwisha kuzaa mara nne. Uchungu wa miezi tisa huwa unajitangaza. Wa wiki 30 mara nyingi huja kimya, tena umevaa sura ya kitu kingine. Mama anasema kiuno kinauma chini kabisa, maumivu hayaondoki hata akijinyoosha. Mwingine anasema anajisikia kama anaingia hedhini. Mwingine tumbo linamsokota kama la kuhara, na pengine anahara kweli. Mwingine hana maumivu hata kidogo. Anachosikia ni uzito unaosukuma chini, kama mtoto ameshuka na kukalia mlango.

Pwani kwetu dalili hizi zina jina tayari: chango. Bibi anasema "hilo chango tu, mwanangu", anachemsha mizizi, na usiku unapita. Simlaumu bibi, kwa sababu mara nyingi kweli maumivu yanatulia yenyewe. Lakini mjamzito ambaye hajafika wiki 37, mwenye maumivu ya kiuno au tumbo yanayokuja na kuondoka kwa mpangilio, kwanza ahesabiwe. Jina la maumivu litafutwe baadaye.

Angalia pia ute wa ukeni. Ukiongezeka ghafla, ukawa majimaji, ukawa mzito kama kamasi, au ukachanganyika na damu ya pinki au ya kahawia, mlango wa kizazi unaweza kuwa umeanza kufunguka.

Tumbo langu hukaza mara kwa mara tangu mwezi wa sita. Nitatofautishaje?

Tumbo kukaza kidogo ni kawaida. Kukaza huko hakuna ratiba, hakuongezeki, na ukibadilisha mkao au ukipumzika kunapotea.

Kupima, kakojoe kwanza, kisha lala kwa ubavu wa kushoto. Weka vidole vya mkono mmoja juu ya kitovu, bila kukandamiza. Tumbo likikaza utalisikia gumu kama paji la uso, na likilegea litakuwa laini kama shavu. Andika saa kila linapoanza kukaza, na endelea kwa saa nzima. Likikaza mara sita au zaidi ndani ya saa hiyo, au mara nne ndani ya dakika 20, huo uchukulie kuwa uchungu hadi mtoa huduma akupime na kusema vinginevyo. Hata kama hauumi.

Nimelowa. Ni mkojo au chupa imepasuka?

Mtoto mkubwa akikandamiza kibofu mkojo huvuja, hilo ni kweli. Ila maji ya uzazi huendelea kutiririka hata baada ya kutoka kukojoa, nawe huwezi kuyazuia kwa kubana. Vaa pedi kavu au kitambaa safi cheupe, tembea kidogo, kisha kiangalie baada ya nusu saa. Mkojo una harufu yake unayoifahamu. Maji ya uzazi huwa meupe au yana umanjano hafifu, na harufu yake si ya mkojo. Kama pedi imelowa tena, ondoka siku hiyo hiyo hata kama hakuna maumivu hata chembe, na uende na pedi yenyewe ili mkunga aione.

Usiingize kidole kujipima. Usimruhusu mkunga wa jadi aingize. Usikutane na mumeo, na usijisafishe kwa maji ukeni. Chupa ikishapasuka, kizuizi kati ya vijidudu na mtoto hakipo tena, na kila kinachoingia kinapanda navyo. Maji ya kijani, maji yanayonuka, au homa yanamaanisha uondoke sasa hivi.

Niliambiwa ninywe maji nilale, uchungu utatulia. Ni kweli?

Nusu ni kweli. Upungufu wa maji mwilini, jua la shambani na kibofu kilichojaa vinaweza kulifanya tumbo likaze. Kunywa vikombe viwili vya maji na kulala ubavu kwa saa moja ni ushauri mzuri kwa aliyekazwa mara mbili tatu, asiyevuja maji, asiyetoka damu, na aliye karibu na hospitali.

Kwa aliye saa tatu kutoka hospitali, saa hiyo moja ya kusubiri ni ya nne. Mimi huwaambia wa mbali hivi: maji kunywa, ubavu lala, lakini simu ipigwe wakati huo huo na gari litafutwe. Uchungu ukitulia, gari litarudi tupu na hakuna aliyekufa kwa gari kurudi tupu. Tena hata ukitulia nenda ukapimwe kesho yake, kwa kuwa uchungu wa mapema mara nyingi una kitu nyuma yake. Maambukizi ya njia ya mkojo na malaria ni viwili ambavyo kituo cha afya kinaweza kuvipima na kuvitibu.

Hakuna kusubiri hata dakika moja ukiona damu inayotoka kama ya hedhi au zaidi, tumbo limekuwa gumu na halilegei kabisa, mtoto ameacha kucheza, kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu, au umepata degedege.

Hospitali watafanya nini ambacho sisi hatuwezi? Si mtoto atatoka tu?

Anaweza kutoka, lakini kuna saa kadhaa ambazo zikipatikana zinabadilisha mambo. Mapafu ya mtoto njiti hayajapata ule utelezi unaoyazuia kushikana kila anapotoa pumzi. Sindano ya deksamethazoni anayochomwa mama huyaharakisha mapafu ya mtoto kukomaa. Dozi ya kawaida ni miligramu 6 kila baada ya saa 12, mara nne, na hutolewa mimba ikiwa kati ya wiki 24 na 34. Nguvu yake haiji papo hapo. Faida kubwa hupatikana mtoto akizaliwa siku moja au mbili baada ya sindano ya kwanza, ndani ya wiki moja. Kwa hiyo aliyefika saa nne usiku na uchungu mchanga ana nafasi ambayo aliyefika alfajiri mtoto akichungulia hana.

Utafiti uliotolewa mwaka 2020, uliofanyika Kenya, Naijeria, India, Pakistani na Bangladeshi, uliwachukua wajawazito wa wiki 26 hadi 33 katika hospitali zenye uwezo wa kutunza njiti. Waliochomwa deksamethazoni walipoteza watoto wachanga 196 kati ya kila 1,000. Wasiochomwa walipoteza 235.

Msomaji mwerevu atauliza: basi si tununue sindano duka la dawa tuchomane nyumbani? Hapana. Utafiti mwingine wa mwaka 2015, katika nchi sita Kenya ikiwamo, uliisambaza dawa hii hadi ngazi za chini, mahali ambapo umri wa mimba ulikadiriwa tu na huduma ya njiti ilikuwa dhaifu. Vifo vya watoto kwa jumla viliongezeka, na maambukizi kwa akina mama pia. Dawa ile ile, mahali tofauti. Inafaa pale umri wa mimba unapojulikana, mama hana maambukizi, na mtoto akitoka kuna oksijeni, joto na watu wa kumlisha.

Zaidi ya hiyo, hospitali inaweza kukupa nifedipini kupunguza kasi ya uchungu ili sindano zipate muda wa kufanya kazi, magnesiamu salfeti ya kuukinga ubongo wa mtoto kama mimba iko chini ya wiki 32, na antibayotiki kama chupa imepasuka. Hakuna kati ya hizo ya kumeza nyumbani kwa kubahatisha.

Niende zahanati ya karibu au moja kwa moja hospitali?

Ukiwa chini ya wiki 34, lengo liwe hospitali yenye wodi ya watoto njiti. Gari bora la kumsafirishia mtoto njiti ni tumbo la mama yake. Akishazaliwa, kumhamisha kwa barabara ya vumbi ni hatari zaidi mara nyingi. Zahanati ipitie kama iko njiani, ili mkunga akuangalie kama unakaribia kujifungua kabisa, akupe barua ya rufaa na awapigie simu wanaokupokea. Ukichomwa sindano yoyote pale, hakikisha jina lake, dozi na saa vimeandikwa kwenye kadi. Nimeona mama akirudiwa dozi kwa sababu hakuna aliyejua alishachomwa nini.

Kama mlango umeshafunguka wote, bora uzae zahanati mikononi mwa mkunga kuliko kwenye kiti cha gari.

Nani nimpigie?

Tanzania piga 115, bila malipo. Huo ni mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Anayepokea hukuuliza maswali, kisha hutafuta gari la wagonjwa, na lisipokuwapo humwita dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye analipwa na mfumo.

Anza na yanayompa picha haraka: "Mjamzito wa wiki 31, tumbo linakaza mara sita kwa saa, maji hayajatoka, damu hakuna, tuko kitongoji fulani, karibu na msikiti." Kisha ujibu anachouliza. Simu ibaki mikononi mwa mtu mwenye chaji, na mtu mwingine asimame barabarani na tochi. Namba ya dereva wa kijijini uwe nayo pia, maana mtandao haueleweki.

Njiani nikae vipi?

Lala ubavu wa kushoto kwenye kiti cha nyuma, mto au kanga zilizokunjwa zikiwa katikati ya magoti. Ukilala chali, mfuko wa uzazi unaulalia mshipa mkubwa wa damu, nawe utasikia kizunguzungu huku mtoto akipungukiwa damu. Kama unalazimika kukaa, mkanda wa gari upite chini ya tumbo, juu ya mapaja. Kakojoe kabla ya kuondoka.

Mashimo ya barabara hayamng'oi mtoto. Hatari ya bodaboda ni kuanguka. Kama gari haliwezi kufika kwenu, bodaboda ikupeleke polepole hadi barabara kuu gari linakosubiri, na isiwe zaidi ya hapo. Mshikaki, msindikizaji nyuma na dereva mbele, ni kosa barabarani na ni hatari. Lakini nimewaona wakifika hivyo kwa kukosa njia nyingine, na nikawapokea bila kugomba.

Msindikizaji aendelee kuandika saa za kukaza. Karatasi yenye saa kumi na mbili zilizoandikwa hunisaidia kuliko maneno "tangu jioni".

Nile nini, nimeze nini?

Maji kidogo kidogo, au chai ya sukari kama una njaa. Chakula kizito acha, kwa sababu unaweza kuhitaji upasuaji. Parasetamoli gramu moja, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, inaruhusiwa kwa maumivu au homa, ila umwambie mkunga saa uliyomeza. Diklofenaki na ibuprofeni usiguse. Dawa za mitishamba, za kuongeza uchungu na hata za kuuzuia, usinywe. Zile za kuongeza huufanya mfuko wa uzazi ukaze bila kupumzika, na hatuna namna ya kuzitoa mwilini. Kama ulikunywa tayari, tuambie. Uzi wa kufunga mimba uliofungwa kiunoni haunisumbui, mradi ulivaliwa ukiwa njiani kuja.

Kuna kitu laini kama kamba kimetoka ukeni. Ni nini hicho?

Huenda ni kitovu kimetangulia. Hutokea zaidi kwa njiti, maana wengi wao bado hawajageuka kichwa chini, na maji yakitoka ghafla kitovu hupata nafasi ya kuteleza. Piga magoti, kifua kiguse kiti, makalio yawe juu kabisa, na ukae hivyo hivyo hadi hospitali. Usikirudishe ndani, usikishikeshike. Kifunike kwa kitambaa safi chenye unyevu kidogo. Dereva akimbize, na hospitali wapigiwe wajiandae kwa upasuaji.

Mtoto akitoka garini?

Mnajua yuko karibu mama anaposema anataka haja kubwa na hawezi kuzuia. Simamisheni gari, muwashe taa, mfunge madirisha. Mpokeeni bila kumvuta. Akitangulia makalio, msimguse hadi mabega yaonekane. Mwacheni ashuke kwa nguvu za mama.

Kinachomuua njiti ni baridi. Mkausheni mara moja kwa kanga, kuanzia kichwani, kisha ile iliyolowa itupeni pembeni. Mwekeni juu ya kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, mumfunike yeye na mama kwa kanga kavu na kofia au kitambaa kichwani. Chupa za maji ya moto msiweke, ngozi yake inaungua upesi.

Kitovu msikate. Wembe wa dukani na uzi wa mfukoni huleta pepopunda na damu kutoka, na hakuna haraka yoyote ya kukata. Kondo la nyuma likitoka lenyewe, litieni kwenye mfuko safi wa plastiki na mwende nalo likiwa bado limeshikana na mtoto.

Asipolia, msugueni mgongo huku mkimkausha. Ikipita dakika moja na hapumui, mlazeni kichwa kikiwa sawa bila kukunjwa, funikeni mdomo na pua yake kwa mdomo wenu, na mpulize pumzi ndogo, ile tu inayokaa mashavuni, hadi kifua kiinuke. Endeleeni hadi apumue au mfike.

Nipe mfano wa safari iliyokwenda vizuri.

Tuchukue mama wa kijiji cha ndani upande wa Kiranjeranje, wilaya ya Kilwa, mwenye ile hedhi ya 6 Januari 2025. Jumatano tarehe 13 Agosti, saa mbili usiku, kiuno kinamuuma. Ana wiki 31 na siku mbili. Wifi yake anataka kuchemsha dawa ya chango. Mama anakunywa vikombe viwili vya maji na kulala ubavu. Hadi saa mbili na nusu tumbo limekaza mara tatu. Hawangoji saa ikamilike: mume anapiga 115. Saa tatu limefika mara saba, na kuna ute wa pinki.

Dereva anafika saa tatu na dakika 40. Wanachukua kadi, kanga nne, kofia ya mtoto, mfuko wa plastiki, tochi. Zahanati iliyo njiani, mkunga anakuta mlango umefunguka sentimita mbili, homa hakuna, kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, mkojo una dalili za maambukizi. Anaandika rufaa, anapiga simu. Saa sita na robo usiku wanaingia hospitali, na saa saba kasoro dakika kumi sindano ya kwanza inaingia. Ya nne atachomwa saa saba kasoro dakika kumi mchana wa Ijumaa. Akijifungua Ijumaa hiyo usiku, mtoto amepata dozi zote nne.

Angeondoka saa kumi na moja alfajiri, kama wengi wanavyofanya "ili kupambazuke", angepoteza zaidi ya saa saba. Yaani zaidi ya nusu ya muda kati ya sindano moja na nyingine.

Wamenirudisha nyumbani, uchungu umetulia. Je, niendelee na kazi?

Maliza antibayotiki kama ulipewa, hata mkojo ukiacha kuwasha siku ya pili. Kulala kitandani siku nzima hatuwaagizi tena, hakujaonyesha kuzuia mtoto kuja mapema na damu huweza kuganda miguuni. Ndoo za maji na kupalilia juani wape wengine. Tendo la ndoa liache hadi mkunga akuruhusu. Na kama una ndugu anayekaa karibu na hospitali, omba ukae kwake hadi wiki 37 zitimie. Hospitali nyingine zina nyumba ya wajawazito wanaosubiri kujifungua, uliza kabla hujaondoka wodini.